Cheti kina mahali hapasomeki: namna ya kumwambia mteja na kuweka alama ndani ya tafsiri ya Kiarabu

Swali hili linarudi kila mara kutoka kwa wanaoanza kutafsiri vyeti vinavyokwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba: "Kuna mahali kwenye cheti hapasomeki. Niache wazi, nikisie, au nimuulize mwenyewe?" Jibu fupi ni kwamba usiache wazi, usikisie, na ukimuuliza mwenyewe, anachokuambia hakiingii kwenye tafsiri. Jibu refu ndilo hili.

Nitatumia hati moja tangu mwanzo hadi mwisho: cheti cha kuzaliwa cha zamani kutoka Tanga, kimejazwa kwa kalamu, kinatafsiriwa kwa Kiarabu kwa ajili ya mtu anayefanya kazi Maskati. Mama yake ndiye aliyekituma kwa simu. Majina ni ya mfano tu. Jina la mtoto, Amani, linasomeka vizuri. Jina la baba limefunikwa na muhuri wa buluu na zinaonekana herufi tatu tu, "Sal", kisha "Juma" iko wazi. Karatasi imekunjwa miaka mingi na kunjo limepita katikati ya mwaka wa kuzaliwa: inaonekana 19, kisha ufa, kisha 4. Kisanduku cha jinsia kimefifia. Namba ya usajili haimo kabisa, kwa sababu picha imekata ukingo wa chini.

Hizo ni kasoro nne, na kila moja inatibiwa kivyake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji picha nzuri. Ukiweza kupata skani ya rangi ya 300 dpi, pande zote mbili za karatasi, umeshamaliza nusu ya kazi. Kama mteja ana simu tu, mwambie aitoe karatasi kwenye plastiki, ailaze mezani karibu na dirisha, azime flashi, na apige picha ambayo kingo zote nne za karatasi zinaonekana. Kisha aitume WhatsApp kama faili, yaani kupitia sehemu ya Document, si kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na wino uliofifia ndio unaopotea kwanza.

Unahitaji pia programu ya kuandikia inayokubali Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto (mimi natumia Word), kibodi ya Kiarabu iliyowashwa kwenye kompyuta, na daftari au faili tupu ya kuorodhesha sehemu zenye shaka. Orodha hiyo itatumika mara tatu: kumwandikia mteja, kuweka alama ndani ya tafsiri, na kuandika maelezo ya mwisho.

Hatua

1. Soma hati nzima bila kutafsiri. Pitia kila kisanduku, kila muhuri, kila mwandiko wa pembeni, na uandike kwenye orodha kila mahali ulipositasita. Usianze na Kiarabu. Anayetafsiri huku akisoma hujikuta ameshaandika mwaka mzima kabla hajagundua kwamba tarakimu moja ameijaza mwenyewe.

Mbele ya kila kasoro andika ni ya aina gani, kwa sababu Kiarabu chake kitatofautiana. Kuna kisichosomeka kabisa. Kuna kinachosomeka kwa shaka, yaani unaona neno lakini huwezi kuliapia. Kuna kisanduku ambacho karani hakukijaza, na hicho hakina kasoro yoyote ya kusomeka. Na kuna kilichokatwa na picha, ambacho pengine kwenye karatasi yenyewe kinasomeka vizuri kabisa. Wanaoanza huvitupa vyote kwenye kapu moja la "haisomeki", na hapo afisa wa Maskati anaambiwa namba ya usajili ya mtu haisomeki, wakati ukweli ni kwamba mpiga picha alisimama vibaya.

2. Jaribu kusoma kwa kutumia karatasi yenyewe. Ushahidi wote wa ndani ya hati ni halali. Angalia mkono wa karani kwingine kwenye cheti hichohicho: je, 7 yake ina mstari katikati? 4 yake iko wazi juu au imefungwa kama 9? Siku ya kuzaliwa, siku ya usajili na namba za pembeni zinakupa tarakimu za kulinganisha. Herufi ni hivyohivyo.

Muhuri uliofunika mwandiko mara nyingi unashindwa kwa rangi. Kama muhuri ni wa buluu na kalamu ilikuwa nyeusi, itazame picha kwenye mkondo wa buluu peke yake, yaani ile inayoitwa blue channel. Hapo wino wa buluu unapauka, mweusi unabaki. Muhuri ukiwa mwekundu, tumia mkondo mwekundu. Programu nyingi za picha zinaweza kutenganisha mikondo, na ukiwa na ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick cheti.png -channel B -separate buluu.png
```

Kama karani naye alitumia kalamu ya buluu, hila hii haisaidii kitu, kwa maana vyote viwili vitapauka pamoja. Kwenye cheti chetu ndivyo ilivyo, kwa hiyo "Sal" inabaki "Sal". Fanya hila hizi kwenye nakala ya picha, na ile aliyotuma mteja ihifadhi kama ilivyokuja.

Angalizo: pasipoti, kitambulisho cha taifa na cheti cha shule si sehemu ya hati hii. Usivifungue katika hatua hii hata kama mteja amevituma. Ukishaona 1984 kwenye pasipoti, jicho lako litaiona 8 ndani ya ufa wa karatasi, na hutaweza tena kuiondoa.

3. Mwambie mteja kabla ya kutafsiri, kwa maandishi. Si baada ya kumaliza, na si kwa kupiga simu peke yake. Ujumbe mzuri unataja mahali, unachokiona, kitakachoandikwa kwenye tafsiri, na njia zilizopo. Usiseme tu "cheti hakisomeki vizuri", kwa kuwa atakujibu kwamba mbona yeye anakisoma. Kwa mama yetu ningeandika hivi:

"Shikamoo mama. Nimekipokea cheti cha Amani na nimekisoma chote kabla ya kuanza. Kuna sehemu nne sizioni. Mwaka wa kuzaliwa: naona 19, kisha kunjo la karatasi, kisha 4. Jina la baba: naona Sal, yaliyobaki yako chini ya muhuri. Jinsia: wino umefifia. Namba ya usajili: picha imekata chini, haikuingia. Namba naamini tutaipata ukipiga picha upya huku kingo zote zikionekana. Hizo tatu nyingine, ikiwa kwenye karatasi yenyewe nazo hazionekani, nitaziandika kwenye Kiarabu kwamba hazisomeki. Huko Maskati wanaweza kuikataa karatasi ya namna hiyo, kwa sababu mwaka na jina la baba ndivyo wanavyolinganisha na pasipoti. Njia ya uhakika ni kuomba cheti kipya RITA, kisha nitafsiri hicho. Naomba uniambie tufanye lipi kabla sijaanza."

Zingatia kwamba ujumbe huo haumuulizi mwaka ni upi. Hilo ni kusudi. Ukiuliza, utajibiwa, na jibu lenyewe litakuwa hili:

"Marahaba mwanangu. Mwaka ni 1984, mimi ndiye niliyemzaa. Weka tu."

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana nani atabishana na mama kuhusu mwaka aliojifungua? Humbishii. Jibu lako linaweza kuwa: "Nakuamini mama, na sina shaka na mwaka huo. Lakini mimi nagonga muhuri kwamba Kiarabu hiki kinalingana na karatasi hii, na karatasi haionyeshi hiyo 8. Wakiweka karatasi na tafsiri pamoja wakakuta nimeandika kisichoonekana, watakayemshuku ni Amani." Maneno haya hueleweka haraka kuliko kumsomea kanuni za kazi.

Kwa cheti cha Bara, kinachotoa kipya ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii. Kenya kazi hiyo iko kwa idara ya usajili wa raia. Maoni yangu: ikiwa kisichosomeka ni jina la mwenye cheti, mwaka wake wa kuzaliwa, au namba ya usajili, mshauri mteja asubiri cheti kipya hata kama ana haraka. Ikiwa ni jina la karani au maneno ya pembeni mwa muhuri, endelea.

Mama yetu ametuma picha mpya na namba sasa inaonekana. Tatu zilizobaki hazionekani hata kwenye karatasi, na ameamua tuendelee kwa sasa huku akifuatilia cheti kipya. Hifadhi jibu lake.

4. Weka alama ndani ya maandishi, mahali palepale. Alama ikae kwenye kisanduku chenye kasoro, ndani ya mabano ya mraba, kwa Kiarabu. Mabano ya duara yaache, kwani hati yenyewe inaweza kuwa nayo na msomaji hatajua ni yako au ni ya karani. Hizi ndizo ninazotumia:

```
[غير مقروء]
[كلمة غير مقروءة]
[كلمتان غير مقروءتين]
[قراءة غير مؤكدة]
[لم تُملأ هذه الخانة]
[مقطوع في الصورة]
[مشطوب]
[توقيع]
```

Ya kwanza ni kisichosomeka kwa jumla. Ya pili ni neno moja, ya tatu ni maneno mawili. Ya nne inafuata neno ulilolisoma kwa shaka. Ya tano ni kisanduku kilichoachwa bila kujazwa, ya sita ni kilichokatwa na picha, ya saba ni kilichofutwa kwa mstari, na ya mwisho ni sahihi.

Sarufi ina mtego hapo. Neno linalofuata غير linakuwa katika hali ya majruri siku zote, ndiyo maana ni كلمتان غير مقروءتين, si مقروءتان. Na ukilihitaji kwa "al", weka kwenye neno la pili: الكلمة غير المقروءة. Ile الغير مقروءة unayoiona kwenye mitandao haifai kwenye karatasi yenye muhuri wako.

Sahihi ya msajili iandike [توقيع] tu. Wapo wanaoandika kwamba sahihi haisomeki, na mimi naona ni kujitafutia matatizo: sahihi haikuwekwa ili isomwe herufi kwa herufi, na ukiihesabu kuwa kasoro unaifanya hati ionekane mbovu kuliko ilivyo. Muhuri ni tofauti, una maneno, kwa hiyo andika yale unayoyaona na, kama yapo yasiyosomeka, useme hivyo. Kwenye cheti chetu maneno ya muhuri yanasomeka; kwa hati nyingine ingekuwa hivi:

```
[ختم دائري أزرق يُقرأ منه: TANGA، والباقي غير مقروء]
```

5. Majina yaliyokatika yaache kwa herufi za Kilatini. Jina la baba ni "Sal" na kitu. Mkono wako utataka kuandika سالم, kwa kuwa akina Salim ni wengi. Lakini linaweza kuwa Salim linaloandikwa سالم, au Salim linaloandikwa سليم, au Salum, au Saleh. Na Saleh ni صالح, linaanza kwa ص. Maana yake ni kwamba kwa herufi tatu za Kilatini hujui hata herufi ya kwanza ya Kiarabu. Ukiandika سـ na nukta, umeshamfuta Saleh, na hakuna atakayejua kwamba umemfuta.

Kwa hiyo kipande cha jina kinabaki Sal na nukta tatu, kwa Kilatini, kisha alama ya Kiarabu. Sehemu iliyo wazi inaandikwa kwa Kiarabu kama kawaida: Juma ni جمعة.

6. Usiiache sarufi ikaijaza jinsia. Kisanduku cha jinsia hakisomeki. Kwa Kiswahili unaweza kuandika "amezaliwa Tanga" na usiseme lolote kuhusu mtu ni mwanamume au mwanamke. Kiarabu hakikuachii nafasi hiyo: ukiandika وُلد umesema mwanamume, ukiandika وُلدت umesema mwanamke. Tena jina Amani, ambalo kwetu wanaitwa wanaume na wanawake, likiandikwa أماني msomaji wa Kiarabu atalichukua kuwa la mwanamke bila kufikiri mara mbili.

Dawa ni kuepuka vitenzi. Tumia majina ya visanduku: تاريخ الميلاد, مكان الميلاد, الاسم. Jedwali linakusaidia sana hapa. Na kwenye kisanduku cha jinsia weka alama, hata kama unamfahamu Amani na ndevu zake.

7. Tarakimu zilizokosekana: hapa ndipo pa kutulia. Hii ndiyo kasoro ambayo nimeiona ikipita mikononi mwa watu wazoefu. Unaandika 19_4 ndani ya aya ya Kiarabu. Wewe umeandika 19, kisha mstari, kisha 4. Lakini kwenye skrini, na kwenye karatasi iliyochapwa, inatokea 4_19.

Sababu yake ni fupi. Ndani ya aya ya kulia-kushoto, kila kundi la tarakimu husomwa kushoto kwenda kulia, lakini makundi yenyewe hupangwa kuanzia kulia. Namba nzima kama 1984 ni kundi moja, haina tatizo. Ukiikata katikati kwa mstari, nyota, nukta tatu, mabano au alama ya kuuliza, unapata makundi mawili, na la kwanza linahamia kulia. Kistari cha tarehe hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana 12-03-1998 hugeuka kuwa 1998-03-12. Mkwaju, yaani /, kwa kawaida hauleti shida.

Tiba ni herufi isiyoonekana iitwayo U+200E, inayoiambia programu kwamba hapa mwelekeo ni kushoto kwenda kulia. Iweke pande zote mbili za pengo:

```
19<U+200E>_<U+200E>4
```

Kwenye Word ya Windows unaandika 200E kisha unabonyeza Alt+X, na ile 200E inatoweka kuacha alama isiyoonekana. Ila ukiandika 200E mara tu baada ya tarakimu, Word itazichanganya na zilizotangulia. Kwa hiyo itengeneze pembeni, mahali patupu, kisha inakili na kuibandika panapohitajika. Kanuni ya pande zote mbili inafanya kazi kwa tarakimu za 1, 2, 3 na kwa zile za ١، ٢، ٣ pia. Kwa hizi za pili, kuweka alama moja mbele ya namba hakutoshi.

Kipande cha jina nacho kina shida hiyo. Nukta zilizo mwishoni mwa Sal zitarukia upande wa kushoto, na msomaji ataona kana kwamba kilichopotea ni mwanzo wa jina. Weka U+200E moja baada ya nukta:

```
Sal...<U+200E>
```

Mstari mmoja wa chini uwe na maana ya tarakimu moja. Kama hujui zimepotea ngapi, tumia nukta tatu. Na mwezi uandike kwa jina, مارس badala ya 03, ili tarehe ibaki na mahali pachache pa kugeuka.

Hata baada ya hayo yote, usiitegemee herufi isiyoonekana peke yake. Faili ikipitia kompyuta nyingine, ikinakiliwa kwenye fomu ya mtandaoni, inaweza kufutika. Kwa hiyo sema kwa maneno ni tarakimu ipi iliyokosekana, na usiseme "ya tatu", kwa maana msomaji atauliza ya tatu kutoka wapi. Sema ni ya makumi. Makumi ni makumi, uanzie kulia au kushoto:

```
[خانة العشرات في السنة غير مقروءة]
```

8. Kusanya yote. Sehemu zetu za cheti sasa zinasomeka hivi:

```
الاسم: أماني
الجنس: [غير مقروء]
تاريخ الميلاد: 12 مارس 19‎_‎4
[خانة العشرات في السنة غير مقروءة]
اسم الأب: Sal...‎ جمعة
[بقية الاسم الأول تحت الختم، غير مقروءة]
```

Nimeweka alama ya mwaka kwenye mstari wake chini ya tarehe. Ikibanana na namba, jicho la msomaji huiruka.

9. Andika maelezo ya mtafsiri mwishoni. Yawe mafupi, chini ya tafsiri, kabla ya sahihi na muhuri wako. Yana mambo matatu: ulitafsiri kutoka kwenye nini, mabano ni ya nani, na sehemu zipi hazikusomeka.

```
ملاحظة المترجم: أُعدّت هذه الترجمة عن صورة ملوّنة
للوثيقة، ولم يطّلع المترجم على الأصل. كل ما بين
المعقوفين [ ] من وضع المترجم وليس من نص الوثيقة.
تعذّرت قراءة ثلاثة مواضع: الجنس، وخانة العشرات
في سنة الميلاد، وبقية الاسم الأول للأب.
```

Sentensi ya kwanza ndiyo inayokulinda. Inasema ulitafsiri kutoka kwenye picha ya rangi na hukuiona hati halisi. Ukiandika kwamba "asili haisomeki" wakati umeona picha tu, unatoa ushahidi juu ya karatasi usiyoishika. Kama umeishika mkononi, badilisha sentensi hiyo useme hivyo.

Idadi iliyotajwa kwenye maelezo ilingane na mabano yaliyomo ndani. Hesabu. Afisa akikuta maelezo yanasema sehemu tatu na yeye ameona nne, atataka kujua ya nne imetoka wapi. Mabano ya sahihi na ya maelezo ya muhuri hayaingii kwenye hesabu hiyo, isipokuwa muhuri wenyewe una maneno yasiyosomeka. Ukiwa nao, utaje.

10. Kagua kwenye PDF, si kwenye Word. Toa PDF, ifungue kwenye simu, ambako watu wengi wataisomea, na uiweke pembeni mwa picha ya cheti. Soma kila namba kwa sauti, tarakimu moja moja, kutoka kushoto. Ukiwa na mwenzako anayesoma Kiarabu, mpe PDF bila picha ya cheti na umuulize: mwaka gani hapa, na kipi kimekosekana? Akijibu tofauti na ulivyokusudia, alama yako haijafanya kazi, hata kama kisarufi haina dosari.

11. Mkabidhi mteja pamoja na ujumbe wa pili. Mtajie tena sehemu zilizobaki, safari hii kama zilivyoandikwa: "Mama, tafsiri hii hapa. Mwaka umeandikwa kwamba tarakimu ya makumi haisomeki, jina la baba limeishia Sal, na jinsia imeandikwa haisomeki. Amani aipeleke pamoja na nakala ya pasipoti. Cheti kipya kikitoka, nitumie nitafsiri upya." Amani anaweza kuwasilisha pasipoti ijieleze yenyewe, na hapo kazi ya kulinganisha inakuwa ya afisa, si yako.

Ukikwama

*Mabano yanaonekana yamegeuka.* Katika aya ya kulia-kushoto, bano la kufungulia linaonekana upande wa kulia, nalo linaelekea kushoto. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usiyabadilishe kwa mkono. Kama kweli yanaelekeana mgongo kwa mgongo, aya yako iko katika mwelekeo wa kushoto-kulia: weka kishale ndani yake na ubonyeze Ctrl pamoja na Shift ya kulia.

*Namba ilikuwa sawa Word, kwenye PDF imegeuka.* Ihamishe kwenye kisanduku chake cha jedwali, na aya ya kisanduku hicho pekee uigeuze kuwa ya kushoto-kulia. Tarakimu za 1, 2, 3 zikiwa peke yake ndani ya aya hiyo zitatulia. Ikikataa hata hapo, ondoa pengo kabisa: andika 12 مارس, kisha ndani ya mabano eleza kwa maneno kwamba mwaka unaanza na 19, unaishia na 4, na makumi hayasomeki.

*Mteja anataka mabano yaondolewe kwa sababu "yanachafua".* Unaweza kuyapunguza kwa kuyaunganisha: visanduku viwili vinavyofuatana vyenye kasoro moja vinaweza kubeba alama moja inayovitaja vyote. Kuyaondoa, hapana. Akishikilia, mrudishie fedha na karatasi yake.

*Mteja amekuja na pasipoti na anaomba mwaka uingizwe kutoka humo.* Kwenye kisanduku usiuingize. Mpokeaji akiwa ameeleza kwamba anakubali, unaweza kuongeza mstari kwenye maelezo ya mtafsiri ukisema kwamba pasipoti uliyoonyeshwa ina mwaka fulani, na useme waziwazi kwamba umetoka kwenye pasipoti. Mimi binafsi hufanya hivyo kwa nadra, kwa kuwa ofisi nyingine huona mstari huo kama mtafsiri anayemsemea mteja.

*Baada ya kugonga muhuri, mteja anatuma picha iliyo wazi zaidi na sasa 8 inaonekana.* Usirekebishe faili ya zamani kimyakimya. Toa tafsiri mpya yenye tarehe mpya, badilisha maelezo ya mwisho ili yataje picha mpya, na umwombe akurudishie karatasi ya kwanza. Kama imeshapelekwa Maskati, andika kwenye maelezo ya mpya kwamba inachukua nafasi ya ile ya tarehe fulani. Vinginevyo faili moja itakuwa na tafsiri mbili zinazopingana, zote zina muhuri wako.